Chanzo Hiki Kinaaminika Kiasi Gani? Kumpima Mwandishi, Kusudi na Wakati Katika Mtihani wa Historia

Kuna sentensi mbili zinazojirudia mno katika majibu ya maswali ya vyanzo. Ya kwanza: "Chanzo hiki kinaaminika kwa sababu mwandishi alikuwepo na aliona kwa macho yake." Ya pili: "Chanzo hiki hakiaminiki kwa sababu mwandishi ana upendeleo." Zote mbili unaweza kuzibandika kwenye chanzo chochote kile, na ubaya wake uko hapohapo. Msahihishaji haoni dalili kwamba umekisoma chanzo ulichopewa. Anaona umekariri orodha.

Badala ya kuongeza orodha nyingine, tuchukue tukio moja lenye maandishi kadhaa ya mtu mmoja, tulipime hatua kwa hatua kama vile tuko ndani ya chumba cha mtihani. Tukio lenyewe ni mauaji ya Nyangwe.

Nyangwe ilikuwa mji wa soko kando ya mto Lualaba, mahali ambapo leo ni mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1871 mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, David Livingstone, alikuwa amekwama hapo kwa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kumvusha. Tarehe 15 Julai, watu wenye bunduki wa mfanyabiashara wa watumwa wa Kiarabu aliyeitwa Dugumbe waliufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengine wakazama mtoni. Livingstone alikuwa karibu, akaandika.

Tuseme karatasi ya mtihani imekupa vyanzo vitatu, kila kimoja na maelezo yake mafupi juu yake:

Chanzo A: kurasa za shajara aliyoiandika Livingstone akiwa Nyangwe mwaka 1871, juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa rangi ya mimea, kwa kuwa karatasi na wino vilikuwa vimemwishia.

Chanzo B: barua ya Livingstone aliyoiandika Ujiji, Novemba 1871, kwenda kwa Earl Granville, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza.

Chanzo C: kumbukumbu za safari za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa London mwaka 1874 baada ya kifo chake, zikiwa zimehaririwa na rafiki yake Horace Waller.

Mwandishi ni yuleyule na tukio ni lilelile. Ukisema "alikuwepo, kwa hiyo kinaaminika," umevimaliza vyote vitatu kwa mkupuo na hujasema lolote linalovitofautisha.

Hatua ya kwanza: tafuta kwamba kinaaminika kuhusu nini

Kabla ya kukigusa chanzo, pigia mstari maneno yanayokuja baada ya "kuhusu" au "kama ushahidi wa" katika swali. Hakuna chanzo kinachoaminika hivihivi tu. Kinaaminika kwa jambo fulani.

Angalia Chanzo C kinavyobadilika kadiri swali linavyobadilika. Ukiulizwa kama mauaji yalitokea Nyangwe, kina nguvu. Ukiulizwa ni watu wangapi waliuawa, nguvu inapungua sana, na tutaona kwa nini. Ukiulizwa mto Lualaba unamwaga maji yake wapi, kitakupotosha kabisa: Livingstone alitumaini kwamba huo ndio Nile, na alikuwa pale kwa sababu hiyo. Safari ya Henry Morton Stanley iliyomalizika mwaka 1877 ilionyesha kwamba Lualaba ni sehemu ya mto Kongo. Kwa hiyo mwandishi mmoja, ndani ya kitabu kimoja, ni shahidi mzuri wa jambo moja na shahidi mbaya wa jambo lingine, na wala hakusema uongo popote. Alikosea tu.

Mtahiniwa aliyeruka hatua hii huwa anajibu swali ambalo halikuulizwa. Anaandika ukurasa mzima kuthibitisha kwamba mauaji yalitokea, ilhali aliulizwa kuhusu idadi ya waliokufa.

Hatua ya pili: soma maelezo ya chanzo kabla ya chanzo chenyewe

Mistari ile miwili midogo iliyoandikwa juu au chini ya chanzo imewekwa kwa makusudi. Mtunga mtihani hakuweka neno "Novemba" au "rafiki yake" kama pambo. Chukua kalamu, andika pembeni: nani, kwa nani, lini. Nafasi moja ikibaki tupu, iache tupu, maana pengo nalo ni habari.

Kisha ndipo usome chanzo. Ukianza na maneno yenyewe, hasa maneno makali kama haya ya Nyangwe, unaelemewa na kisa na kusahau kuuliza anayekisimulia ni nani.

Hatua ya tatu: mwandishi

Cheo si jibu. "Alikuwa mmisionari kwa hiyo hawezi kudanganya" ni imani, si hoja ya historia. "Alikuwa Mzungu kwa hiyo aliwachukia Waarabu" ni mbaya zaidi, kwa sababu hapa hata ukweli unaipinga: Livingstone alikuwa akiishi miongoni mwa wafanyabiashara hao, akisafiri nao, na kabla ya mauaji alikuwa akimwomba Dugumbe huyohuyo ampe watu wa kuendelea na safari, kwa malipo makubwa. Alimtegemea.

Jiulize badala yake mambo mawili. La kwanza, mtu huyu alikuwa wapi na angeweza kujua nini? La pili, ukweli ungemgharimu nini?

Kuhusu la kwanza, Chanzo C chenyewe kinatupa jibu. Livingstone anaeleza kwamba siku ile kulikuwa na joto kali, akaingia sokoni, akashangaa kuwaona watu watatu wa Dugumbe wamekuja na bunduki. Mmoja wao alikuwa anagombania bei ya kuku. Livingstone akaanza kuondoka, na kabla hajapiga yadi thelathini nje ya soko akasikia milio ya bunduki katikati ya watu. Kwa hiyo mwanzo wenyewe wa mauaji hakuuona, alikuwa ameshaupa mgongo. Aliuona umati ukikimbilia mtoni, na hilo analieleza kama shahidi. Lakini nani alifyatua kwanza, na kwa amri ya nani, ni mambo anayoyajua kwa kuyaunganisha baadaye. Mtahiniwa mmoja ataandika "alishuhudia mauaji." Mwingine ataandika "alishuhudia umati ukikimbia, lakini kwa maneno yake mwenyewe alikuwa akitoka sokoni risasi ya kwanza ilipopigwa, kwa hiyo chanzo ni dhaifu kuhusu jinsi ugomvi ulivyoanza." Huyu wa pili amekisoma.

Na yule kuku ana thamani kuliko anavyoonekana. Mtu anayetunga kisa ili kuwachochea wasomaji hahitaji ugomvi wa bei ya kuku, haumsaidii chochote. Jambo dogo, lisilo na faida kwa mwandishi na lisilopamba hoja yake, mara nyingi ni dalili ya kumbukumbu halisi. Dalili tu, si uthibitisho, lakini ni hoja unayoweza kuiandika ukiwa na maneno ya chanzo mkononi.

Idadi ya waliokufa nayo ipimwe hivyohivyo. Chanzo C kinataja kati ya watu 330 na 400. Watahiniwa wengi hunakili takwimu hiyo kana kwamba Livingstone alihesabu maiti. Rudi kwenye sentensi: anasema hayo ni makadirio ya Waarabu wenyewe, kisha anaongeza kwamba hakuna atakayejua idadi kamili. Hapa mwandishi wa habari hiyo si Livingstone tena. Ni upande uleule uliofanya mauaji, na Livingstone amebeba tu maneno yao. Kila mara uonapo "inasemekana," "wanakadiria" au "niliambiwa," ujue umebadilishiwa shahidi katikati ya chanzo.

Sasa ukweli ungemgharimu nini? Anakiri kwamba hamu yake ya kwanza ilikuwa kuwapiga wauaji risasi kwa bastola, ila Dugumbe akamsihi asijiingize katika kisasi cha damu. Kwa kifupi, hakuwazuia. Maneno yanayomvunjia mwandishi heshima huwa na uzito zaidi, kwa sababu hana sababu ya kuyabuni. Lakini usikimbilie kufunga hoja hapo. Maneno hayohayo yanaweza pia kuwa utetezi: nilitaka, nikazuiwa. Kuzitaja njia zote mbili za kuisoma sentensi hiyo si kuyumba, mradi mwisho uchague moja na useme kwa nini.

Hatua ya nne: kusudi

Hapa ndipo watu hupotea zaidi, na ndipo pana utajiri. Hulijui kusudi la mtu kwa kubahatisha moyo wake. Lisome kwa anayeandikiwa. Shajara ya safarini inaandikwa kwanza kwa ajili ya kumbukumbu za mwandishi, ingawa mtu maarufu kama Livingstone alijua kwamba siku moja ingesomwa. Barua kwa waziri inaandikwa ili waziri afanye jambo. Kitabu kinachochapishwa kinatafuta wasomaji.

Chukua Chanzo B. Livingstone alikuwa na wadhifa wa balozi mdogo wa Uingereza tangu 1865, kwa hiyo hii ni taarifa rasmi ya mtumishi kwa mkubwa wake. Na hatubahatishi alichokitaka. Katika barua nyingine ya Novemba hiyohiyo, kwenda kwa mwenye gazeti la Niuyoki Herald, alisema kwamba kama habari zake za utumwa wa Ujiji zitasaidia kuikomesha biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki, atalihesabu hilo kuwa kubwa kuliko kuvigundua vyanzo vyote vya Nile. Kwa mtu aliyeitumia miaka ya mwisho ya maisha yake kuvitafuta vyanzo hivyo, maneno hayo ni mazito.

Je, hilo linaifanya B isiaminike? Mtahiniwa wa sentensi moja atasema ndiyo: "alitaka kukomesha utumwa, kwa hiyo alitia chumvi." Lakini kuwa na kusudi hakumaanishi kudanganya. Mtu anaweza kutaka kukomesha jambo kwa sababu aliliona hasa. Swali la kujiuliza ni hili: kusudi hili lingemsukuma mwandishi abadilishe nini, na je, naona badiliko hilo ndani ya maandishi?

Njia ya kulijaribu ni kutafuta vitu vitatu. Kwanza maneno yaliyopandishwa joto: Livingstone anasema tukio lile lilimfanya ajihisi yuko jehanamu. Sentensi hiyo inatuambia hisia zake, haituongezei tukio. Ukiifuta, mauaji bado yapo, soko lipo, mto upo. Basi maneno hayo yameongeza joto bila kubadilisha habari. Andika hivyo. Pili, lawama: anayelaumiwa ni yule ambaye kusudi linataka alaumiwe? Hapa ndiyo, wafanyabiashara wa watumwa. Tatu, na hili ndilo gumu, kilichoachwa nje.

Kilichoachwa nje hakionekani kwa kukitazama chanzo kimoja. Kinaonekana kwa kulinganisha. Katika kisa cha Nyangwe tuna bahati. Wino wa Chanzo A ulififia hadi kurasa zikawa hazisomeki, maandishi yakichanganyika na chapa ya gazeti. Kati ya 2010 na 2011 timu ya watafiti ikiongozwa na Adrian Wisnicki ilizipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, ikiwemo isiyoonekana kwa macho, na maandishi yakasomeka tena. Walipoyalinganisha na yale aliyoyanakili Livingstone baadaye, waliona amebadilisha baadhi ya mambo. Yaliyowavutia zaidi yalihusu watu wa msafara wake mwenyewe, watumwa waliokodishwa kutoka kwa Mabaniani wa Zanzibar na kutumwa kwake, ambao alikuwa na ugomvi nao mkubwa. Watafiti waliona kwamba shajara ya mwanzo inaacha mlango wazi: huenda baadhi ya watu hao walihusika katika vurugu za siku ile. Ni uwezekano, haujathibitishwa, na katika jibu lako uuite hivyo.

Lakini ona unavyobadilisha hesabu. Mtu anayemwandikia waziri kulaumu wafanyabiashara wa watumwa ana sababu nzuri ya kutotaja kwamba watu wake wenyewe hawakuwa safi. Sasa kusudi limeshikamana na pengo mahususi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kusema "ana upendeleo" na kuonyesha upendeleo umefanya kazi wapi.

Chanzo C kina makusudi mawili yaliyopandana, na watahiniwa wengi huona moja. La Livingstone tumeshalieleza. La pili ni la mhariri. Waller alikuwa amefanya kazi ya umisheni katika nchi za Mto Shire miaka ya 1860, na alikuwa mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa. Alimpenda marehemu na alitaka asomwe kama shujaa. Alichagua cha kuingiza na cha kuacha, na mambo ambayo yangempaka Livingstone matope hayakupewa nafasi. Kwa hiyo ukiona katika maelezo ya chanzo neno "iliyohaririwa na," andika majina mawili pembeni, si moja.

Hatua ya tano: wakati

Kanuni ya darasani husema kilichoandikwa mapema ni bora kuliko kilichoandikwa baadaye. Inafaa kuanzia, haifai kumalizia.

Usihesabu miaka tu kati ya tukio na maandishi. Uliza nini kilitokea katika pengo hilo ambacho kingeweza kumbadilisha mwandishi, au aliyeyashika maandishi. Kwa Chanzo B pengo ni miezi minne. Katika miezi hiyo Livingstone alitembea kurudi Ujiji akiwa mgonjwa na amekata tamaa, safari yake imeharibika, halafu Stanley akamfikia na kumpa kitu ambacho hakuwa nacho kwa muda mrefu: mtu wa kuzipeleka barua zake kwa wasomaji wa ulimwengu. Nyangwe ilipotokea alikuwa peke yake na gazeti kuukuu. Alipoandika B alikuwa na hadhira.

Kwa Chanzo C pengo ni miaka mitatu, na lina mambo makubwa ndani yake. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Livingstone alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Mwili wake ulibebwa hadi pwani, na Aprili 1874 ukazikwa Westminista Abi kwa heshima za taifa. Kitabu kikatoka mwaka huohuo. Kilikuwa kinamhusu shujaa aliyezikwa karibuni, na mwandishi hakuwepo kukisahihisha. Walakini Susi na Chuma, waliokuwa naye hadi mwisho, walikwenda Uingereza na kumsaidia Waller kuyaelewa maandishi. Hilo linaongeza nguvu kidogo kwenye majina ya mahali na mwenendo wa safari, lakini halimzuii mhariri kuchagua.

Kuna mtego mmoja wa wakati ambao ningeuweka katika kila mtihani kama ningekuwa natunga. Ndani ya Chanzo C, Livingstone anasema kwamba anapoandika anasikia vilio kutoka ng'ambo ya kushoto ya mto, watu wakiwaomboleza waliouawa. Mtahiniwa anasoma "ninapoandika," anahitimisha kuwa kiliandikwa siku ileile, anampa alama za juu za kuaminika. Lakini alichokishika ni chapa ya 1874, iliyotokana na nakala safi aliyoiandika Livingstone baadaye kutoka kwenye shajara. Kitenzi kiko katika wakati uliopo, maandishi yaliyo mbele yako hayako. Tarehe ya chanzo inatoka kwenye maelezo yake, na lugha ya ndani inapimwa kwa tarehe hiyo, si kinyume chake.

Na mapema si bora siku zote. Shajara ya siku ileile ndiyo yenye imani motomoto kwamba Lualaba ni Nile. Na watafiti wa 2011, waliokuja miaka 140 baadaye, waliona tofauti ambazo wasomaji wa 1874 hawakuwa na njia ya kuziona, kwa sababu wao waliziweka nakala mbili kando kwa kando. Anayeandika baadaye anapoteza ukaribu, lakini anaweza kupata ulinganisho. Sema kipi kinahitajika kwa swali lililoulizwa.

Hatua ya sita: pima kwa kitu cha nje

Baada ya nani, kwa nani na lini, jibu bado linahitaji jambo moja kutoka nje ya chanzo: chanzo kingine kwenye karatasi, au unachokijua. Moja linatosha likiwa sahihi.

Tahadhari: A, B na C zikikubaliana kwamba mauaji yalitokea, usiandike "vyanzo vitatu vinathibitishana." Wote ni mtu mmoja anayejirudia. Mashahidi huhesabiwa kwa watu waliojua jambo kila mmoja kwa njia yake, hawahesabiwi kwa karatasi. Kulinganisha A na C kunatusaidia kuona alichobadilisha, hakutupi shahidi wa pili.

Hatua ya saba: andika

Anza na hukumu, ikiwa na kipimo chake. Kisha toa sababu mbili au tatu, kila moja ikibeba kipande cha maelezo ya chanzo, kipande cha maneno yake, na kiungo kati yao. Maliza kwa kusema kwa nini sababu moja imezizidi nyingine. Swali likiwa "Chanzo C kinaaminika kiasi gani kama ushahidi wa mauaji ya Nyangwe?" jibu linaweza kuwa hivi:

"Chanzo C kinaaminika kwa kiasi kikubwa kuhusu kutokea kwa mauaji, lakini kwa kiasi kidogo kuhusu waliohusika na idadi ya waliokufa. Livingstone alikuwa Nyangwe na anataja mambo madogo yasiyomsaidia, kama ugomvi wa bei ya kuku, na anakiri kwamba hakuwapiga wauaji, jambo lisilomletea sifa. Hata hivyo alikuwa akitoka sokoni risasi ilipopigwa, na idadi ya watu 330 hadi 400 anasema ni makadirio ya Waarabu, kwa hiyo hapo hatusomi alichokiona. Tena kitabu kilitolewa 1874 na Waller, rafiki aliyepinga biashara ya watumwa, wakati Livingstone amekwisha kuzikwa kama shujaa. Mhariri wa namna hiyo angekuwa na sababu ya kuacha lolote linalowagusa watu wa Livingstone mwenyewe. Kusudi hilo linatia shaka juu ya lawama inavyogawanywa, lakini halitoshi kutia shaka kwamba watu waliuawa, kwa kuwa maelezo ya soko na mto hayategemei hoja ya kupinga utumwa."

Hakuna sentensi hapo unayoweza kuihamishia chanzo kingine. Hilo ndilo jaribio la kufanya ukipata dakika ya kupitia: funika jina la chanzo, soma sentensi yako, jiulize kama ingefaa kwa barua ya jemadari wa vita vingine kabisa. Ikifaa, iongezee neno la chanzo au ifute.

Muda ugawe kwa alama. Swali la alama chache linataka hukumu na sababu moja nzuri kutoka kwa mwandishi, kusudi au wakati, ile iliyo na nguvu zaidi kwenye chanzo hicho. Usilazimishe zote tatu. Kwa Chanzo A wakati na mwandishi ndivyo vinavyobeba, kusudi halina mengi ya kusema. Kwa Chanzo B kusudi ndilo jibu karibu lote.

Na maelezo ya chanzo yakikosa jina au tarehe, usiandike "hatujui, kwa hiyo hakiaminiki" ukaishia hapo. Tafuta ndani ya maandishi yenyewe: anatumia "mimi" au "inasemekana"? Anajua jambo lililotokea baada ya tukio, ambalo mtu wa siku ile asingelijua? Anamwita nani adui? Mtu anayesimulia Nyangwe huku akitaja mto Kongo kwa uhakika, kwa mfano, anaelekea kuwa aliandika baada ya 1877, hata kama karatasi haikukuambia.